Wastani wa 49.7 usio na mwenyewe: kisa cha alama 50 za hisabati

Tuchukue Kidato cha Pili chenye mikondo miwili, A na B, katika shule ya sekondari ya Tanzania. Mtihani wa majaribio wa hisabati umesahihishwa kwa alama 100. Waliofanya ni 50, na watatu hawakufika siku ya mtihani. Mwalimu wa taaluma anadaiwa ukurasa mmoja wa kikao: wastani, idadi ya waliofaulu, na mchoro. Alama zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, ila kila hatua inayofuata ndiyo inayofanywa kwa alama za kweli. Hizi hapa kwa mpangilio wa orodha, mkondo A kwanza:

```
A:  64 75 48 69 91   33 60 72 83 57   66 26 78 65 95
    51 70 62 43 86   68 59 74 38 80

B:  31 28 45 17 36   24 61 30 21 35   12 40 29 37 70
    27 32 19 54 28   34 23 41 30 67
```

Jumla yake ni 2,484. Ukigawa kwa 50 unapata 49.68. Taarifa nyingi huishia hapo: wastani ni 49.7, darasa ni la kati, tukazane. Sasa rudi kwenye orodha umtafute huyo mwanafunzi wa kati. Kuanzia 45 hadi 54 wamo wanne tu: 45, 48, 51 na 54. Wastani umedondokea mahali ambapo karibu hapana mtu. Swali la kisa hiki ni kama jedwali na mchoro vitamwonyesha msomaji jambo hilo, au vitalificha. Vinaweza kufanya lolote kati ya mawili hayo kwa alama zilezile, na kinachoamua ni mahali unapokata makundi.

Kuamua upana kabla ya kugusa penseli

Alama ya chini ni 12, ya juu ni 95, kwa hiyo tofauti ni 83. Kanuni inayofundishwa sana ya kukadiria idadi ya makundi ni ya Herbert Sturges, aliyoitoa mwaka 1926: idadi ya makundi ni 1 + 3.322 × log₁₀ n. Kwa n = 50 unapata 6.6, yaani makundi 7. Gawa 83 kwa 7, upate upana wa karibu 12. Unaweza kuanzia 12 na kwenda 12–23, 24–35, 36–47 na kuendelea, na hesabu itakubali. Lakini anayesoma orodha kwa sauti na anayechora vijiti watalazimika kufikiri kila alama: 47 iko wapi, 48 iko wapi? Makosa huzaliwa papo hapo. Upana wa 10 unatoa makundi 9 na hauhitaji kufikiri, maana tarakimu ya kwanza ndiyo inayotaja kundi. 47 ni kundi la arobaini, basi.

Kanuni ya Sturges ina udhaifu unaohusu kisa hiki moja kwa moja. Imejengwa juu ya umbo la kengele, yaani alama zilizorundikana katikati na kupungua pande zote mbili. Mahali penye marundo mawili, idadi yake ya makundi inaweza kuwa ndogo mno. Itumie kama pa kuanzia, usiifanye amri.

Makundi yaandikwe 10–19, 20–29, 30–39. Kosa la kila siku ni kuandika 10–20, 20–30, 30–40. Kwenye orodha yetu zipo alama saba zinazokaa juu ya mpaka huo: 30 mbili, 40, 60, 70 mbili, na 80. Mwenye kuhesabu kila mpaka mara mbili atapata jumla ya 57 badala ya 50, na huyo ana bahati, kwa sababu jumla imemshtaki. Mwenye bahati mbaya ni yule anayezitupa zote kundi la chini: 30 ndani ya 20–30, 40 ndani ya 30–40. Jumla yake inatoka 50 safi, lakini kundi la ishirini limepanda kutoka 8 hadi 10 na la thelathini limeshuka kutoka 10 hadi 9. Kilele kimehama, na hakuna kitu kwenye jedwali lake kitakachomwambia.

Kupiga vijiti

Pitia orodha mara moja, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, na kila alama uipe kijiti chake kwenye kundi lake. Usifanye kinyume, yaani kushika kundi la 10–19 na kuzunguka orodha yote kuitafuta, kisha 20–29 na kuzunguka tena. Njia hiyo inakutaka upite orodha mara tisa, na kila mzunguko ni nafasi mpya ya kuruka alama. Kijiti cha tano hukatiza vile vinne, ili mafungu ya tano yahesabike kwa jicho. Kila alama iliyopigiwa kijiti iwekewe nukta ya penseli pembeni, la sivyo mtu akikuita mlangoni utarudi usijue ulipoishia.

Kwa kuwa mikondo ni miwili, tumia kalamu mbili, tuseme bluu kwa A na nyekundu kwa B. Hakuna kazi inayoongezeka, na baadaye utaona faida yake. Jedwali likikamilika linakuwa hivi:

```
Alama    Vijiti          Marudio   Jumla limbikizi
10–19    |||                3            3
20–29    ||||/ |||          8           11
30–39    ||||/ ||||/       10           21
40–49    ||||/              5           26
50–59    ||||               4           30
60–69    ||||/ ||||         9           39
70–79    ||||/ |            6           45
80–89    |||                3           48
90–99    ||                 2           50
```

Jumla limbikizi ikiishia 50, umejua kwamba hakuna alama iliyorukwa wala kurudiwa, au kwamba imerukwa moja na kurudiwa moja. Haikuambii kama 38 imeingia kundi la arobaini. Dawa ya hilo ni kupiga vijiti mara ya pili kwenye karatasi nyingine, safari hii ukianzia chini ya orodha kwenda juu, ikiwezekana mwenzako akisoma na wewe ukichora. Kisha linganisha safu kwa safu, si jumla kwa jumla. Kwa alama 50 kazi hii haimalizi hata robo saa.

Na wale watatu ambao hawakufika? Wasiingie popote. Kwenye orodha nyingi nafasi yao huachwa wazi au huwekewa mstari, na anayenakili kwenye kompyuta hujaza sifuri ili nafasi isibaki tupu. Sifuri tatu zikiingia, wastani unashuka hadi 46.9, na kwenye mchoro linaota kundi la 0–9 lenye watu watatu ambao hawajajibu swali hata moja. Msomaji ataona wanafunzi walioshindwa kabisa, kumbe ni wagonjwa na wasafiri. Waandikwe kwa maneno chini ya jedwali: waliosajiliwa 53, waliofanya 50.

Kwa anayetumia lahajedwali, alama zikiwa safu ya A kuanzia A2 hadi A51, na mipaka ya chini na ya juu ya kila kundi ikiwa D na E, fomula inayosomeka bila utata ni hii:

```
=COUNTIFS(A$2:A$51,">="&D2,A$2:A$51,"<="&E2)
```

Ipo pia `FREQUENCY`, ila nayo inahesabu mpaka wa juu kuwa ndani ya kundi. Ukiipa mipaka 20, 30, 40, alama ya 30 itaangukia kundi linaloishia 30, na umerudi kwenye lile kosa la kuhamisha kilele. Ipe 19, 29, 39 na kuendelea. Fomula zote mbili huruka alama iliyoingia kama maandishi, kwa mfano 45 iliyotanguliwa na alama ya mkato wa juu. Jumla ikitoka 49, anza kutafuta hapo.

Kuchora

Histogramu si chati ya kawaida ya mihimili. Mihimili yake inagusana, kwa sababu mstari wa chini ni kipimo kinachoendelea, si orodha ya majina kama maembe, ndizi na machungwa. Ili igusane kihalali, kingo zake ziwe mipaka halisi: 9.5, 19.5, 29.5 hadi 99.5. Kati ya 19 na 20 kuna pengo la alama moja, na kila kundi linachukua nusu yake. Ukichora kingo kwenye 10, 19, 20, 29 utapata nyufa nyembamba kati ya mihimili, na msomaji atadhani zina maana.

Kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 kwa alama 10 upande wa chini na sentimita 1 kwa mwanafunzi mmoja upande wa juu zinatosha: mchoro wa sentimita 9 kwa 10. Mhimili wa kulia-kushoto usipoanzia sifuri weka kivunjo cha msumeno. Mhimili wa wima ni lazima uanzie sifuri, kwani histogramu husomwa kwa eneo, na ukikata miguu ya mihimili, kundi la watu 10 linaweza kuonekana mara nne ya kundi la watu 5. Kwenye kompyuta, chati ya safu huja na nafasi kati ya mihimili. Nenda kwenye `Gap Width` uiweke 0%.

Katikati ya kundi la 10–19 ni 14.5, si 15. Hili linaonekana dogo hadi utakapokadiria wastani kutoka kwenye jedwali. Kwa 14.5, 24.5, 34.5 na kuendelea, jumla ya marudio kuzidisha katikati ni 2,495, na wastani wa makadirio ni 49.9, karibu sana na 49.68 ya kweli. Kwa 15, 25, 35 unapata 50.4. Nusu alama imeongezwa kwa kila mwanafunzi, na darasa limevuka hamsini bila mtu kujibu swali la ziada.

Umbo linasema nini

Soma marudio kwa mfululizo: 3, 8, 10, 5, 4, 9, 6, 3, 2. Yanapanda hadi 10 kwenye thelathini, yanashuka hadi 4 kwenye hamsini, yanapanda tena hadi 9 kwenye sitini, kisha yanateremka. Ni nundu mbili na bonde katikati. Wastani wa 49.7 umekaa ndani ya bonde. Mediani, ambayo ni katikati ya alama ya 25 na ya 26, yaani 45 na 48, ni 46.5, nayo imo bondeni.

Hapa mazoea ya vitabu yanaweza kupotosha. Kanuni inayokaririwa inasema wastani ukizidi mediani, basi mkia uko kulia. Wetu umezidi: 49.7 dhidi ya 46.5. Mwanafunzi wa takwimu ataandika "mgawanyo una mkia wa kulia", na mtahini aliyechoka atampa alama. Lakini kanuni hiyo inafaa kwa umbo lenye nundu moja. Kwenye nundu mbili, tofauti ya wastani na mediani inaonyesha tu nundu zinavyovutana, na neno "mkia" linaficha jambo kubwa zaidi. Hata modi haisaidii ukiitaja moja: kundi la 30–39 lina watu 10 na la 60–69 lina 9, na kusema "modi ni thelathini na kitu" ni kulifuta rundo zima la juu kwa tofauti ya mtu mmoja.

Hata hivyo, watu 50 si wengi. Kundi la watu 4 lililo kati ya lile la watu 10 na la watu 9 laweza kuwa bahati tu? Kabla ya kupeleka hoja kikaoni, lijaribu bonde lenyewe. Jaribio rahisi kuliko yote ni kuhamisha mwanzo wa makundi bila kubadili upana. Anza 5–14, 15–24, 25–34, na kuendelea. Marudio yanakuwa 1, 5, 11, 7, 4, 6, 9, 4, 2, 1. Nundu zimebaki mbili, na bonde limetua 45–54. Jaribu na makundi 7 ya Sturges yanayoanzia 12: 5, 13, 7, 5, 11, 6, 3. Bado lipo. Kama bonde lingetoweka kila unaposogeza mpaka kidogo, tungelichukulia kuwa kivuli cha mipaka. Hili halihami, kwa hiyo linastahili kuulizwa.

Upana ukiwa mdogo sana nao una taabu yake. Kwa upana wa 5 makundi yanakuwa 18, nayo bado yanaonyesha nundu, ila mengi yana mtu mmoja au wawili. Ukienda upana wa 2 unabaki na meno ya kitana, na kila jino linakualika ulitungie hadithi. Kuna kazi moja tu ambayo kipimo kidogo kinaifanya vizuri: kuchunguza mpaka wa kufaulu. Alama ya kufaulu ikiwa 30, tazama 27, 28, 29, 30 na 31 moja moja. Msahihishaji mwenye huruma huwa anasukuma 28 na 29 zivuke, na dalili yake ni shimo chini ya 30 na kichuguu juu ya 30. Kwetu kuna 28 mbili, 29 moja, 30 mbili, 31 moja. Hakuna shimo. Kundi la 20–29 na 30–39 lisingeweza kukuonyesha hilo kwa vyovyote.

Namna mbili za kulifukia bonde

Namna ya kwanza ni upana mkubwa. Gawa mia kwa robo: 0–24, 25–49, 50–74, 75–99. Marudio ni 6, 20, 17, 7. Mchoro unaotoka ni kengele nzuri ya kupendeza, nundu moja, pande mbili karibu sawa. Mtu yeyote akiutazama pamoja na wastani wa 49.7 ataridhika kwamba darasa ni la kawaida na wengi wako katikati. Hakuna aliyedanganya. Mpaka wa 49/50 umepita katikati ya bonde, na kila nusu ya bonde imemezwa na nundu iliyo jirani yake.

Namna ya pili ni ya kawaida zaidi mashuleni, nayo inatoka kwenye madaraja. Baraza la Mitihani la Tanzania kwa sekondari hutumia F kwa 0–29, D kwa 30–44, C kwa 45–64, B kwa 65–74 na A kwa 75–100. Mwalimu akihesabu madaraja anapata F 11, D 13, C 10, B 9, A 7. Akichora mihimili mitano yenye upana sawa, anaona mteremko mpole kutoka D hadi A. Nundu ya juu imepotea kabisa, na C yenye 10 inaonekana imejaa kuliko B yenye 9.

Kasoro ni kwamba makundi hayo hayalingani upana. C inachukua alama 20, B inachukua 10. Kusema C ina watu wengi kuliko B ni kama kulinganisha shamba la ekari 20 na la ekari 10 kwa magunia bila kutaja ekari. Kwenye histogramu ya makundi yasiyolingana, urefu wa mhimili hauwi marudio bali msongamano: marudio kugawa kwa upana. Tukihesabu kwa kila alama 10:

```
Daraja   Alama     Upana   Marudio   Kwa kila alama 10
F        0–29       30        11           3.7
D        30–44      15        13           8.7
C        45–64      20        10           5.0
B        65–74      10         9           9.0
A        75–100     26         7           2.7
```

Soma safu ya mwisho: 3.7, 8.7, 5.0, 9.0, 2.7. Bonde limerudi, mahali pale pale, ndani ya C. Upana wa A ni 26 na si 25, kwa kuwa 75 na 100 zote zimo. Upana wa F ni 30 kwa sababu sifuri nayo ni alama. Mwenye kuandika upana wa 29 kwa F amehesabu 29 kutoa 0 bila kukumbuka mipaka halisi.

Chati ya madaraja yenye mihimili iliyoachana si kosa, mradi iitwe chati ya madaraja na isomwe hivyo: watu wangapi wamepata nini. Kosa ni kuibananisha, kuiita histogramu, na kuanza kuisoma umbo. Neno lenyewe, lililotoka kwa Karl Pearson mwishoni mwa karne ya 19, lilikusudiwa mchoro ambao eneo lake ndilo idadi.

Nundu mbili ni za nani?

Zile rangi mbili za kalamu sasa zinalipa. Hesabu vijiti vya bluu na vyekundu kila kimoja peke yake:

```
Alama    A    B
10–19    0    3
20–29    1    7
30–39    2    8
40–49    2    3
50–59    3    1
60–69    7    2
70–79    5    1
80–89    3    0
90–99    2    0
        25   25
```

Kila mkondo una nundu moja. A imesimama kwenye sitini, wastani 64.5. B imesimama kwenye thelathini, wastani 34.8. Bonde halikuwa ndani ya darasa lolote. Lilikuwa kati ya madarasa mawili yaliyochanganywa kwenye jedwali moja. Wachore kwenye karatasi mbili, moja juu ya nyingine, kwa kipimo kilekile chini na juu. Ukiwaweka kwenye mchoro mmoja kwa mihimili ya ubavuni, A na B kwa kila kundi, umbo la kila mmoja linakatikakatika na msomaji anabaki kulinganisha vijiti jozi kwa jozi.

Hii ndiyo dalili ya kutafuta unapojaribu mgawanyo: ukigawa kwa kitu kinachohusika, nundu zinaachana. Ukigawa kwa jinsia, kwa mfano, na wavulana wakatoka na nundu mbili na wasichana vilevile, basi jinsia haielezi bonde, na unajaribu kingine.

Mkondo umeeleza nundu, lakini haujaeleza sababu. Histogramu imefika mwisho wa uwezo wake hapa, na ndipo vikao vingi huruka kutoka "mkondo B uko chini" hadi "mwalimu wa B hafundishi". Kuna maelezo manne yasiyopungua yanayotoa mchoro huu huu. Wanafunzi huenda waligawanywa kwa alama za mtihani wa kuingia, wenye nguvu A na wengine B. Hapo tofauti ilikuwepo kabla ya somo la kwanza. Huenda B walikosa vipindi au hawakumaliza mada. Huenda mwalimu ni tatizo kweli. Au huenda karatasi zilisahihishwa na watu wawili, mmoja akitoa alama za njia na mwingine akitazama jibu la mwisho tu.

Hilo la nne lichunguzwe kwanza, kwa kuwa ni rahisi na kwa kuwa likiwa kweli linafuta mengine yote. Chagua karatasi tano za kila mkondo, si za juu tu wala za chini tu: katika B, kwa mfano, 19, 28, 34, 41 na 61. Funika alama zilizotolewa, kisha wasahihishaji wabadilishane. Karatasi za B zikipanda alama mbili tatu, usahihishaji hauwezi kueleza pengo la karibu 30 kati ya mikondo. Zikipanda kumi na tano au ishirini, jedwali lote ulilochora lilikuwa linapima kalamu nyekundu mbili, na karatasi 50 zinarudi mezani zisahihishwe kwa mwongozo mmoja kabla ya mtu yeyote kuitwa.

Usahihishaji ukiwa salama, fuata swali kwa swali. Chukua safu ya alama za kila swali badala ya jumla, na upige vijiti vya waliopata sifuri katika kila swali, A na B. Sifuri za B zikisambaa sawasawa kwenye maswali yote, tofauti ni ya jumla na huenda ni ya uteuzi wa mikondo. Zikirundikana kwenye maswali matatu au manne ya mada zilizofundishwa mwishoni mwa muhula, fungua andalio la masomo la mkondo B utazame mada hizo zilifundishwa tarehe gani, na kama zilifundishwa.

Kwa ukurasa wa kikao, kilichostahili kuandikwa ni mistari michache: waliofanya 50 kati ya 53, mkondo A wastani 64.5, mkondo B wastani 34.8, histogramu mbili zenye kipimo kimoja, makundi ya upana wa 10, karatasi kumi zinasahihishwa upya. Wastani wa 49.7 unaweza kuachwa nje.